Ushindi Unaorudishwa Ofisini

Majalada ya mapitio ya mahakama yana sura yake. Juu kabisa huandikwa Jamhuri, kana kwamba serikali ndiyo iliyodhulumiwa. Chini yake huja Waziri wa Ardhi na naibu kamishna wa kaunti, wanaoshtakiwa na Jamhuri hiyohiyo. Kisha jirani aliyepewa shamba, na mwisho, baada ya hao wote, jina la mtu aliyeuza ng'ombe ili amlipe wakili. Ni desturi iliyorithiwa kutoka Uingereza, ambako mfalme ndiye aliyekuwa akimwita ofisa wake aje ajieleze. Msomaji akilielewa hilo, nusu ya swali la kwa nini mshindi hatoki na shamba imejibika: kesi ya namna hii inamhoji ofisa kuhusu kazi yake. Shamba lenyewe liko pembeni.

Ndiyo maana hukumu ikisomwa, maneno huwa kama haya: uamuzi wa Waziri umefutwa, rufaa irudishwe isikizwe upya. Aliyetoka Rangwe alfajiri kuja Homa Bay anamgeukia wakili wake kumuuliza kama ameshinda au hajashinda. Ameshinda, lakini shamba hajapewa. Jaji mwenye kanzu na nembo ya taifa nyuma yake ameona wazi kwamba alionewa, kisha akampeleka tena kwa ofisi ileile iliyomwonea. Kwa nini jaji asimalize maneno mwenyewe?

Tuchukue mfano. Nimeutunga, ila kila kipande chake atakikuta anayesoma hukumu za ardhi za Homa Bay, Migori na Kisii.

Mjane mmoja wa upande wa Kagan anavutana na ukoo jirani juu ya kipande cha ekari moja na robo. Wao wanasema babu ya mumewe aliingia hapo kama jadak, mgeni aliyekaribishwa kulima bila kupewa ardhi. Yeye anasema babu huyo alinunua kwa ng'ombe, akapanda ua wa mkonge ambao bado upo. Eneo lao lilitangazwa kuwa la kuandikishwa chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi, Sura ya 284. Mzozo ukapanda ngazi za sheria hiyo moja baada ya nyingine: kamati ya wazee, halafu baraza la usuluhishi, halafu pingamizi mbele ya afisa wa uamuzi wa ardhi, ambayo lazima iletwe ndani ya siku 60 tangu daftari lilipowekwa wazi. Mjane akashinda hapo. Jirani akatumia ngazi ya mwisho ya kifungu cha 29, rufaa kwa Waziri, ambayo nayo ina siku 60. Sheria inasema Waziri atatoa amri anayoiona kuwa ya haki, na amri hiyo ni ya mwisho. Waziri mwenyewe hafiki Kagan. Kifungu hichohicho kinamruhusu kukasimu mamlaka yake, na kwa miaka mingi rufaa hizi zimesikizwa na wakuu wa wilaya, siku hizi manaibu kamishna wa kaunti.

Rufaa za namna hii hukaa. Ikaja kusikizwa baada ya miaka mingi, wazee wengi walioshuhudia wakiwa wameshazikwa. Naibu kamishna akasikiliza pande zote mbili ofisini siku moja, akaahirisha. Wiki chache baadaye akaenda shambani na chifu. Jirani alikuwepo na wazee wake watatu. Mjane hakuitwa. Wazee wakaonyesha mpaka wa zamani wanavyoukumbuka, ofisa akaandika, na uamuzi ukatoka ukurasa mmoja na nusu: mpaka usogezwe hadi kwenye mti walioonyesha wazee. Kuhusu ua wa mkonge hakuna neno.

Mjane ana miezi 6 ya kuomba uamuzi huo ufutwe, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria pamoja na Amri ya 53 ya Kanuni za Madai haziongezi hata siku. Tuseme amewahi. Jaji atasoma nini? Atasoma taarifa ya maombi, hati ya kiapo ya mjane, majibu ya mwanasheria wa serikali, hati ya jirani, na mwenendo ulioandikwa na naibu kamishna kwa mkono. Hakuna shahidi atakayepanda kizimbani. Hakuna mpimaji atakayeulizwa kwa nini ramani ya awali inaonyesha mstari hapa na siyo pale. Jaji hajauona ule ua wa mkonge, na hata akiuona hana mtu wa kumweleza aliupanda nani.

Kwa karatasi hizo anaweza kujua jambo moja kwa uhakika kabisa: ushahidi ulichukuliwa shambani bila mjane kuwepo, na uamuzi ukasimama juu ya ushahidi huo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali, yenye busara na ya haki kwa utaratibu wake. Hapo kasoro iko wazi, na uamuzi hauwezi kusimama. Lakini je, babu alikuwa jadak au alinunua? Karatasi haziwezi kujibu. Hati mbili za kiapo zinapingana, na hakuna njia ya kupima ni ipi ya kweli mpaka mtu aulizwe maswali. Kujua kwamba wazee watatu walisikizwa isivyostahili hakumwambii jaji kwamba walisema uongo. Huenda walisema kweli tupu.

Mawakili wengi wakieleza jambo hili huanza na mgawanyo wa mamlaka, nami naona wanaanzia mbali. Sababu iliyo karibu zaidi ni hii ya ushahidi. Chombo cha mapitio kimeundwa kuangalia njia iliyofuatwa. Kukitumia kuamua mwisho wa safari kungekuwa kutenda kosa lilelile la naibu kamishna, yaani kuamua juu ya mpaka bila kuwasikia walio pande zote mbili za mpaka. Jirani naye ana haki ya kusikizwa. Jaji akiandika kwamba shamba ni la mjane, jirani atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, ni lini wazee wake waliulizwa maswali na kupatikana waongo.

Sababu ya pili ni ya sheria. Bunge liliweka uamuzi wa mwisho wa daftari mikononi mwa Waziri. Jaji anapofuta, halichukui jukumu hilo. Analiacha lilipo, halijatekelezwa. Rufaa ya jirani iliwasilishwa kihalali, haijafa, na mwenye wajibu wa kuiamua bado ni Waziri. Mahakama ya Rufaa ililieleza hili mwaka 2002 katika shauri la Baraza la Manispaa ya Mombasa na Umoja Consultants: mapitio huuliza kama mwamuzi alikuwa na mamlaka, kama aliwasikia waliohusika, kama alizingatia yanayofaa na kuacha yasiyofaa, hayageuki kuwa rufaa juu ya uamuzi wenyewe. Miaka mitano kabla yake, katika shauri la Baraza la Mitihani na Geoffrey Gathenji Njoroge na wenzake, mahakama hiyo ilikuwa imeshaweka mipaka ya amri zenyewe. Amri ya kufuta huondoa uamuzi uliokwisha kutolewa. Amri ya kushurutisha humlazimisha ofisa atekeleze wajibu wake, lakini pale sheria ilipomwachia hiari, haimwelekezi aamue vipi.

Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 iliyaandika haya kwa lugha ya kisasa. Kifungu cha 11 kinaruhusu mahakama kufuta hatua na kumrudishia mwamuzi aitafakari upya, pamoja na maelekezo au bila maelekezo. Sheria yetu inafanana sana na ile ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, na anayeziweka pamoja ataona pengo. Ya Afrika Kusini ina kipengele kinachosema kwamba katika hali za kipekee mahakama inaweza kuweka uamuzi wake mahali pa ule uliofutwa. Ya Kenya haina. Mwaka 2016, katika shauri la Suchan Investment na Wizara ya Turathi ya Kitaifa na Utamaduni, Mahakama ya Rufaa ilikiri kwamba sheria mpya imepanua macho ya jaji hadi kugusa kiini cha uamuzi, kisha ikaongeza kwamba uwezo wenyewe wa kurudisha faili unaonyesha kuwa kuamua kiini ni kazi ya mwamuzi, siyo ya mahakama.

Mwaka 2023, katika shauri la Dande na wenzake dhidi ya Inspekta Jenerali wa Polisi, Mahakama ya Juu ilisogeza mpaka tena. Aliyekuja kwa Amri ya 53 peke yake bila kudai haki ya Katiba imevunjwa atapimiwa utaratibu tu. Aliyekuja kwa Katiba, jaji anapaswa kuutazama uamuzi kwa ndani pia. Baadhi ya watu wameisoma hukumu hiyo kama ruhusa kwa majaji kukalia viti vya maofisa. Siioni hivyo. Kuupima uamuzi kwa ndani na kuukuta hauna mashiko ni jambo moja. Kutoa mwingine badala yake ni jingine, na kwa hilo la pili bado mtu anahitaji ushahidi uliokamilika mbele yake.

Hata hivyo si kweli kwamba majaji hawaamui kamwe. Inategemea umeingia kwa mlango gani. Kesi ya mpaka ikitoka kwa hakimu kwenda juu kwa rufaa ya kawaida, kifungu cha 78 cha Sheria ya Madai kinampa jaji uwezo wa kuimaliza kabisa, au kuirudisha, au kuchukua ushahidi wa ziada, au kuamuru isikizwe upya. Pale jaji ana mwenendo kamili, mashahidi waliohojiwa, na mamlaka ya kushika kalamu ya aliye chini yake. Bodi inayopitia zabuni za serikali vilevile: sheria ya ununuzi ya 2015 inasema waziwazi kwamba inaweza kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa afisa mhasibu. Kwa hiyo anayesema mahakama imekataa kumsaidia aangalie kwanza kichwa cha jalada lake. Mara nyingi ameomba mapitio akidhani ameomba rufaa.

Kuna pia hali ambapo hakuna cha kuamua tena. Sheria ya uchaguzi ni mfano mzuri, na Homa Bay inaijua. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Uchaguzi kinairuhusu mahakama kuiamuru tume impe cheti mgombea mwingine ikiwa kura zikihesabiwa upya mshindi anaonekana na hakutenda kosa la uchaguzi. Hapo jaji hatumii maoni yake, anasoma jumla. Lakini shida ikiwa iko kwenye uchaguzi wenyewe, hesabu haisaidii. Mahakama Kuu ya Homa Bay ilipofuta ushindi wa Gavana Cyprian Awiti mwaka 2018, haikumkabidhi kiti mpinzani wake Oyugi Magwanga. Mahakama ya Juu baadaye iliirudishia kaunti gavana yuleyule mwaka 2019, lakini hilo ni la ushahidi na halibadilishi hoja.

Kwa Waingereza masharti yameandikwa kabisa. Mahakama yao inaweza kuweka uamuzi wake pale tu uliofutwa ni wa mahakama au baraza la kisheria, kosa ni la kisheria, na bila kosa hilo kungekuwa na jibu moja tu ambalo baraza lingeweza kulifikia. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Trencon la mwaka 2015 kuhusu zabuni ya ujenzi, iliuliza maswali mawili kabla ya mengine: je, mahakama iko katika nafasi nzuri sawa na mwamuzi ya kuamua? Na je, matokeo yanajulikana tayari? Baada ya hapo ndipo ikaangalia kuchelewa, upendeleo au uzembe wa mwamuzi. Ikampa Trencon zabuni, kwa sababu wazabuni walishatathminiwa na yeye alikuwa wa kwanza. Kilichomwangusha kilikuwa kosa la kisheria tu.

Tukimpima mjane wetu kwa maswali hayo, anaanguka kwenye la kwanza na la pili yote. Mambo yangekuwa mengine kama naibu kamishna angekuwa amemsikia kila mtu, akakubali kwa maandishi kwamba babu alinunua ardhi, kisha akampa jirani kipande kwa sababu tu rufaa imechelewa kusikizwa. Hapo ukweli umeshakubaliwa na kosa liko kwenye hatua ya mwisho. Au rufaa ya jirani ingekuwa imewasilishwa siku ya 90: hakuna rufaa halali ya kurudishiwa mtu, na jaji angefuta na kuacha uamuzi wa afisa wa uamuzi wa ardhi usimame.

Hilo la mwisho linatufikisha kwenye kundi la kesi ambalo wengi hulisahau, ambapo kurudisha hakuna maana kabisa. Tangu 1993 hadi 2011 Kenya ilikuwa na mabaraza ya migogoro ya ardhi chini ya sheria namba 18 ya 1990. Sheria iliyapa kazi tatu tu: kugawa ardhi au kuamua mipaka, madai ya kukaa au kulima, na uvamizi. Mabaraza hayo, yakiwa ya wazee waliozoea kumaliza maneno ya kijiji yote kwa kikao kimoja, yaliamua mara kwa mara kwamba hatimiliki ya fulani ifutwe na shamba liandikwe kwa mwingine, na tuzo ikapelekwa kwa hakimu igeuzwe hukumu. Majaji walizifuta tuzo hizo kwa wingi, na walifuta bila kurudisha. Baraza lisilo na mamlaka juu ya hatimiliki haliwi na mamlaka kwa kusikiliza mara ya pili vizuri zaidi. Anayedai hati alipaswa kufungua kesi ya kawaida, na mlango huo ulibaki wazi. Sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya 2011 ilipoyafuta mabaraza yenyewe, hata anwani ya kurudishia faili ikatoweka.

Kwa hiyo swali la kwanza la jaji, kabla ya kuuliza kama anaweza kuamua mwenyewe, ni kama yupo mtu mwenye mamlaka halali ya kupokea faili. Naibu kamishna anayeketi kwa niaba ya Waziri anayo. Aliyatumia vibaya, lakini anayo.

Tunajua kurudisha kunavyoweza kuharibika. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba na kuamuru mwingine ndani ya siku 60, ukiendeshwa na tume ileile. Tarehe 26 Oktoba haukufanyika katika kaunti za Homa Bay, Migori, Kisumu na Siaya, ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na matokeo yakatangazwa bila kaunti hizo nne. Amri ya mahakama ilikuwa sahihi kisheria. Tatizo lilikuwa kwa waliorudishiwa, na kwa watu wasiowaamini tena.

Kwenye ardhi kuharibika huko hakupigi kelele. Hukumu inasema tu uamuzi umefutwa, na kila mtu anakwenda nyumbani. Mjane anaamini ule uamuzi wa afisa wa uamuzi wa ardhi umerudi na shamba ni lake. Jirani anaamini rufaa yake bado iko hai, na kisheria yeye ndiye aliye karibu na ukweli. Katikati yao naibu kamishna hajapelekewa amri, au amehamishwa, na aliyekuja haoni faili. Kifungu cha 30 cha sheria hiyohiyo kinazuia kesi za madai juu ya ardhi hiyo, bila idhini ya afisa, mpaka daftari liwe la mwisho, kwa hiyo hata mahakama ya kawaida haiwezi kuwaokoa. Miaka inapita, na wazee wengine wawili wanafariki.

Au faili inarudi haraka, inasikizwa na ofisa yuleyule, mjane anaitwa shambani safari hii, na uamuzi unatoka vilevile, sasa ukiwa na kurasa nne za sababu. Hilo halina dawa mahakamani kama sababu zinaingia akilini na kila mmoja amesikizwa. Kushinda mapitio hakumwahidi mtu kushinda shamba, na wakili asiyemwambia mteja hivyo mapema anatafuta lawama.

Ndiyo maana kwa maoni yangu kazi kubwa iko kwenye maneno matatu ya sheria ya 2015 ambayo mawakili wengi huyapita: "pamoja na maelekezo". Jaji anaweza kuamuru rufaa isikizwe na ofisa mwingine, ndani ya siku anazozitaja, pande zote ziitwe kwa maandishi wakati wa kuzuru shamba, kila shahidi aulizwe maswali, na sababu ziandikwe. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloamua nani mwenye ardhi, na yote huamua kama usikizaji wa pili utakuwa tofauti na wa kwanza. Lakini jaji hutoa anachoombwa. Maombi mengi huishia kwenye kufutwa, na wakili anashangaa baadaye kwa nini hukumu ni fupi.

La mwisho ni la daftari. Uamuzi wa Waziri ukishapelekwa kwa msajili, ramani husahihishwa na hati inaweza kutoka kwa jina la jirani, naye anaweza kuuza. Kufuta uamuzi hakubadilishi ingizo hilo kwa nguvu yake yenyewe. Mjane anahitaji zuio dhidi ya msajili tangu siku ya kwanza ya maombi, na kama amechelewa, ombi la kurekebisha daftari chini ya kifungu cha 80 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ambacho kinataka udanganyifu au kosa lithibitishwe na kinamlinda mnunuzi anayekaa kwenye ardhi baada ya kulipa bila kujua kosa hilo. Faili inaweza kurudi kwa naibu kamishna ikiwa na maelekezo yote niliyoyataja, wakati kipande cha ekari moja na robo kimeshapigwa ua wa nyaya na mtu wa tatu ambaye hakuwahi kutajwa katika kesi yoyote.